Kikomo cha 300,000: jinsi mama karanga wa Malindi alivyoomba kupandishiwa

Mwanachama anayezungumziwa hapa anauza samaki Malindi. Ananunua kwa wavuvi wa Shela na wa Ngomeni, nyingine anakaanga jioni, nyingine anauza mbichi kwa hoteli ndogo. Hana mshahara, hana peslipu. Kisa kimeunganishwa kutokana na hali zinazokutwa sana kwenye sako za wafanyabiashara wadogo, na hesabu zimewekwa za mviringo ili zifuatike, lakini makosa yote yaliyomo ni ya kweli na yanarudiwa kila mwaka.

Sako yake inatoa mkopo hadi mara 3 ya akiba, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio lililobaki. Juu ya hapo, mwanachama asiye na mshahara huwekewa kikomo chake binafsi na kamati ya mikopo. Kikomo cha mama huyu kilikuwa 300,000. Alishakopa 60,000 akamaliza, akakopa 150,000 akamaliza, na sasa yumo ndani ya mkopo wa 300,000 wa miezi 24 alioanza kuulipa mwezi wa Novemba wa mwaka juzi. Hata akiba yake ingefika nusu milioni, kikomo kile hakisogei mpaka kamati ikae na kukipandisha. Wengi hawajui kwamba hivi ni vitu viwili. Wanakazana kujaza akiba, halafu wanashangaa kuambiwa bado.

Yeye mwenyewe alianguka hapo hapo mwezi wa Machi. Alitaka 600,000. Akiba ilikuwa 153,000, mara 3 ni 459,000, haitoshi. Akakusanya 50,000 kwa wakati mmoja, sehemu yake ikiwa mkopo wa simu, akaiweka akibani ili ipite 200,000, kisha siku tatu baadaye akapeleka fomu. Barua aliyoambatanisha ilisema yeye ni mwanachama mwaminifu wa miaka mingi na biashara imepanuka. Jibu lilikuwa mstari mmoja: kikomo kibaki 300,000.

Kilichomwangusha kinaonekana kwenye karatasi bila kuuliza mtu. Miezi 17 mfululizo anaweka 3,000, kisha ghafla 50,000, kisha ombi. Mtu yeyote aliyekaa kamati msimu mmoja anaujua mchoro huo. Sako nyingi zina kanuni kwamba pesa iliyoingizwa kwa mkupuo haihesabiwi kwenye ile mara 3 mpaka ikae miezi kadhaa. Yake inataka miezi 6. Kibaya zaidi, akiba ya aina hii haitolewi kama pesa ya akaunti ya kawaida. Ukiitaka, unajitoa uanachama, na kwa kawaida unatoa notisi ya siku 60. Kwa hiyo ile 50,000 ilikwama, na mkopo wa simu ulikuwa unadai kila wiki. Pesa yenyewe haikupotea, na baadaye ilimfaa, lakini haikufaa kwa kazi aliyoitumia.

Mwezi wa Julai alirudi, mara hii baada ya kuchukua karatasi kwanza na kuandika baadaye. Aliomba tatu: taarifa ya akiba, taarifa ya mkopo yenye tarehe ya kila rejesho, na orodha ya watu aliowadhamini. Ya tatu haiombwi na wengi, na tutaona kwa nini inalipa kuiomba.

Taarifa ya akiba ilionyesha 212,000. Hapo toa ile 50,000 ambayo bado haijatimiza miezi 6, inabaki 162,000 inayohesabika, na mara 3 yake ni 486,000. Zingatia kwamba hisa zake za 20,000 hazimo. Hisa ni umiliki wa chama, haziingii kwenye kuzidisha, na anayezijumlisha anafika dirishani na hesabu ambayo afisa ataikata mbele yake. Zaidi ya jumla, taarifa ile ilikuwa na jambo moja la kupendeza: katika miezi 20 ya mkopo hakuna mwezi hata mmoja ambao 3,000 haikuingia, hata wakati wa kusi, bahari inapochafuka. Mtu anayelipa mkopo na bado anaweka akiba anaonyesha kwamba rejesho halimmalizi. Hoja hiyo iko wazi ndani ya safu moja ya tarehe, na barua ya Machi haikuitaja kabisa.

Taarifa ya mkopo ndiyo iliyokuwa na kazi. Marejesho 20, na kwenye manne mfumo umeandika kwamba yamechelewa: Juni, Julai na Agosti za mwaka wa kwanza, kwa siku 9, 17 na 12, na Februari ya mwaka wa pili kwa siku 11.

Ile ya Februari ilimshangaza, maana Februari ni kaskazi, samaki wapo, na alikumbuka kulipa. Akatafuta ujumbe wa M-Pesa kwenye simu akaukuta: 13,625, tarehe sahihi. Pesa ilifika, ila ilifikia mfuko mwingine. Nambari ya malipo ya sako ni moja, na kinachoamua kama pesa iende akiba, hisa au mkopo ni herufi zinazoandikwa mbele ya nambari ya uanachama. Aliandika za akiba. Ofisi iligundua, ikahamisha pesa kwenda kwenye mkopo, lakini ikaandika tarehe ya kuhamisha badala ya tarehe ya kulipa. Kwa mfumo, huyo ni mchelewaji. Aliandika barua fupi ya masahihisho, akabandika nakala ya ujumbe wenye nambari ya muamala, na baada ya wiki moja taarifa ikatoka upya ikiwa na machelewo matatu. Hili lifanywe kabla ya ombi, si pamoja nalo. Kamati ikikutana na ombi lenye ugomvi wa tarehe ndani yake, huahirisha.

Yale matatu ya kusi ni kweli, na hapo ndipo wanaoandika maombi huharibu. Ama hunyamaza wakidhani hayataonekana, ama hulia kuhusu bahari. Kamati ya Malindi haina haja ya kufundishwa kwamba Juni hadi Agosti bahari huchafuka, vyombo vidogo hulala ufuoni na bei ya samaki hupanda. Wanalolitaka ni kuona kama mtu alijifunza. Kwa nini siku 17 zinawauma kiasi hicho? Kwa sababu za hesabu. Kwa kanuni za SASRA, mamlaka inayosimamia sako, kwa zile zinazopokea amana, mkopo usiochelewa unatengewa asilimia 1 ya salio kama kinga ya hasara. Ukichelewa siku 1 hadi 30 unaingia daraja la kuangaliwa na kutengewa asilimia 5. Ukipita siku 30 unashuka daraja jingine, asilimia 25. Julai ile salio lake lilikuwa 200,000. Kwa siku zile 17, kinga ilitoka 2,000 ikawa 10,000, na pesa hiyo inakatwa kwenye mapato ambayo wanachama wote wanangoja gawio lake. Mweka hazina anayakumbuka mambo hayo kuliko wewe.

Basi hoja yake ikawa na sehemu mbili. Kwanza, hakuna chelewo lililovuka siku 30, kwa hiyo mkopo haukuwahi kushuka chini ya daraja la kuangaliwa. Pili, Mei na Juni za mwaka wa pili, kusi ikiwa imeshaingia, zililipwa kwa wakati, kwa sababu kuanzia Novemba alikuwa akitenga pesa pembeni. Hili la pili ndilo lenye nguvu. Marejesho mawili tu, lakini ni ya msimu ule ule uliomshinda mwaka uliotangulia.

Hapa kuna mtego ambao watu wenye nia njema huingia. Kutenga pesa kwa ajili ya kusi si sawa na kulipa mkopo mapema. Ukilipa rejesho mbili mwezi wa Machi, mifumo mingi hupunguza salio tu, halafu mwezi unaofuata inadai rejesho kama kawaida. Usipolipa, umechelewa, hata kama umetangulia. Wala usitenge kwenye akiba, maana haitoki. Mama huyu aliweka kwenye akaunti ya kawaida ya sako hiyo hiyo, ile ambayo pesa huingia na kutoka, na akajaza fomu ya agizo la kudumu ili rejesho likatwe lenyewe kila tarehe 28. Ofisi inaziona pesa hizo, na hilo nalo ni ushahidi.

Baada ya hayo akaandika ombi la kikomo cha 450,000. Mahitaji yake yalikuwa 390,000: friza mbili kubwa za 140,000, kazi ya umeme na vifaa vya kuzuia umeme unaopandapanda 30,000, na 220,000 ya kununulia nguru, kolekole na jodari wakati wa kaskazi bei ikiwa chini. Salio la mkopo wa zamani lilikuwa 50,000, ambalo lingekatwa kutoka kwenye mkopo mpya, na ada pamoja na bima ya mkopo ni asilimia 2, yaani 9,000. Toa hizo mbili kwenye 450,000, mkononi inabaki 391,000. Hesabu ilikuwa sawa, na wengi hata hapo hawafiki. Huomba kiasi wanachohitaji, kisha siku ya pesa kutoka wanakuta imepungua kwa deni la zamani na makato.

Afisa wa mikopo, kijana, alisoma ukurasa wa kwanza akauliza swali moja.

"Mama, hizi pesa unazitaka lini?"

"Kaskazi, mwanangu. Samaki wakianza kuingia."

"Sasa kwa nini nikupe Julai, uanze kulipa Agosti na bahari imefungwa?"

Swali hilo liligeuza ombi lote. Kupandishiwa kikomo na kuchukua mkopo ni maamuzi mawili, na hakuna kinachokulazimisha kuyafanya siku moja. Akiomba kikomo Julai na kuchukua pesa mwisho wa Oktoba, mkopo wa zamani utakuwa umekwisha wenyewe, marejesho manne yaliyobaki. Hakuna 50,000 ya kukatwa. Anahitaji 390,000 na ada, na 400,000 inamtosha: asilimia 2 ni 8,000, mkononi 392,000. Kuomba pungufu ya ulichokuja nacho, na kuonyesha kwa nini, kunamfanya mjumbe wa kamati akusome kwa jicho jingine.

Na 400,000 ikaleta hoja ambayo haikuwepo kwenye 450,000. Mkopo wa zamani, 300,000 kwa miezi 24, ulikuwa na msingi wa 12,500 kila mwezi. Mkopo wa 400,000 kwa miezi 32 una msingi wa 12,500 vile vile. Rejesho la kwanza la zamani lilikuwa 15,500 pamoja na riba; la mpya ni 16,500, na linapungua kila mwezi. Maana yake haombi kamati imwamini kwa mzigo mpya. Mzigo ni ule ule aliokwisha kuubeba miezi 20, ila safari ni ndefu zaidi. Gharama ya urefu huo ni riba zaidi, na asijidanganye, lakini kwa mtu asiye na peslipu hii ndiyo hoja iliyonyooka kuliko zote. Mwajiriwa ana sheria ya ajira ya 2007 inayozuia makato kupita theluthi mbili ya mshahara, na sako hupima kwa hiyo. Mfanyabiashara anapimwa kwa alichokwisha kulipa.

Aya ya kati ya barua ilisomeka hivi:

"KUH: KUPANDISHIWA KIKOMO CHA MKOPO KUTOKA 300,000 HADI 400,000. Katika marejesho 20 ya mkopo wangu wa sasa, 17 nimelipa kwa tarehe. Matatu, ya Juni hadi Agosti mwaka jana, yalichelewa kwa siku 9, 17 na 12. Mwaka huu nimetenga pesa ya kusi kwenye akaunti yangu ya kawaida, na Mei na Juni zimelipwa kwa tarehe. Mkopo ninaokusudia utakuwa na msingi wa 12,500 kwa mwezi, sawa na ninaolipa sasa. Sitachukua pesa kabla mkopo huu haujaisha."

Hakuna uaminifu uliotajwa wala miaka mingi. Kila sentensi inaweza kuwekewa kidole kwenye taarifa.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa kipato, kutoka kwenye daftari lake na taarifa ya M-Pesa ya miezi 12. Baada ya matumizi ya nyumbani hubaki kama 31,000 kwa mwezi Novemba hadi Machi, 21,000 miezi ya katikati, na 13,000 Juni hadi Agosti. Rejesho pamoja na akiba yake ya kila mwezi ni kati ya 18,000 na 20,000 mwaka wa kwanza, kwa hiyo kusi ina pengo, na pengo la miezi mitatu ni 16,500. Akiweka pembeni 3,500 kila mwezi wa kaskazi, miezi mitano inatoa 17,500. Jambo la kuangalia ni kwamba faida ya friza haimo kwenye hesabu hii hata shilingi. Friza zitamsaidia kuuza wakati wa kusi bei ikiwa juu, hilo ni wazi, lakini kamati haikopeshi kwa samaki ambaye bado yuko baharini. Mkopo ukilipika bila friza, friza ni nyongeza. Ukilipika kwa friza tu, umeme ukikatika siku mbili sako nayo imeingia hasarani.

Tukirudi kwenye ile orodha ya udhamini. Ilionyesha amewadhamini wanawake wenzake wawili, mmoja kwa 40,000 na mwingine 25,000. Akiba yake mwenyewe ndiyo dhamana ya kwanza ya mkopo wake, na hapo ile 50,000 iliyokwama Machi inahesabika, maana ni pesa halisi iliyo mikononi mwa sako. Lakini sehemu iliyofungwa kwa wengine haihesabiki. 212,000 ukitoa 65,000 inabaki 147,000. Ila yule wa 40,000 alimaliza mkopo wake tangu Desemba. Jina tu halikufunguliwa kwenye daftari. Barua moja, sahihi ya afisa, na akiba iliyo huru ikawa 187,000. Wadhamini wakawa wanatakiwa kuziba 213,000 badala ya 253,000, sawa na mdhamini mmoja mzima kupungua. Kutafuta mdhamini Malindi ni kutembea jua kali nyumba hadi nyumba na kunywa chai usiyoitaka, kwa hiyo hiyo si faida ndogo.

Alileta wanne wa 55,000 kila mmoja, jumla 220,000. Kamati ilikaa mwisho wa Julai, siku mbili baada ya rejesho la Julai kukatwa kwa tarehe yake. Walikipandisha kikomo hadi 400,000, wakaweka masharti mawili. La kwanza, Agosti, Septemba na Oktoba zikatwe kwa agizo la kudumu bila kuchelewa hata siku moja, la sivyo kikomo kirudi 300,000 bila kikao kingine. La pili, mdhamini mmoja abadilishwe. Alikuwa ni yule yule aliyedhaminiwa naye kwa 25,000. Watu wawili wakishikana mikono namna hiyo, mmoja akianguka anamwangusha mwenzake, na dhamana ya wote wawili inakuwa karatasi. Akapewa hadi tarehe 15 Oktoba kuleta jina jingine, mtu mwenye akiba huru isiyopungua 48,000, kwa kuwa wale watatu waliobaki walishafunika 165,000.